Ukumbi unavuma: harusi shwari, semina hakuna anayesikia

"Fundi, njoo uangalie hizi spika, zimekufa." Hivyo ndivyo alivyoanza mzee anayeshika funguo za ukumbi mmoja hapa Ngamiani, Tanga, hata salamu hazijaisha. Nikamwuliza zimekufaje. Akasema kwenye semina watu wa viti vya nyuma hawapati neno, wanasikia mvumo tu, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Na harusi je? Akanyamaza kidogo. "Harusi hazina neno. Jumamosi MC kasikika mpaka barabarani."

Basi nikajua spika ni nzima. Spika iliyokufa haichagui shughuli. Kinachochagua shughuli ni ukumbi wenyewe, kwa sababu siku ya harusi unajaa watu mia mbili na siku ya semina wanakaa sitini. Nikamwuliza swali la mwisho kabla sijapanda bajaji: mmebadilisha nini mwaka huu? Akasema wamefunga viyoyozi, wakatoa madirisha ya luva na kuweka ya aluminiamu yasiyovuja hewa. Jibu lilikuwa hapo. Nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu katika kumbi za pwani malalamiko haya ndiyo ninayoitiwa kuliko mengine yote.

Kwanza pima, usibuni

Tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyaita yote "eko". Mwangwi ni sauti inayorudi kivyake: unapiga kofi, unalisikia kofi, kisha unalisikia la pili. Mvumo ni sauti inayobaki ikizunguka baada ya chanzo kunyamaza, ikififia polepole bila kukatika. Muda wa mvumo ni sekunde ambazo sauti inachukua kushuka desibeli 60 tangu chanzo kizimwe, yaani kutoka kishindo kikubwa hadi karibu na kimya. Kwa ukumbi wa mihadhara wa watu mia mbili, sekunde 1 hadi 1.2 ni pazuri. Kwaya na taarabu huvumilia 1.5, tena waimbaji hufurahia. Ikizidi 2, maneno huanza kukanyagana.

Kupima hakuhitaji mashine ya gharama. Nenda usiku magari yamepungua, zima feni na viyoyozi, funga milango. Jaza puto kubwa, simama jukwaani ulipasue kwa pini, na mwenzako arekodi kwa simu akiwa katikati ya ukumbi. Ukisikiliza kwa sikio tu na saa mkononi utapata makadirio ya kukutosha kujua kama shida ni ya sekunde 2 au ya sekunde 6. Ukiwa na programu ya simu inayoonyesha desibeli zikishuka, usisubiri zote 60, maana kelele za nje zitaumeza mkia. Acha desibeli 5 za mwanzo, tazama 20 zinazofuata zimeshuka kwa muda gani, kisha zidisha kwa 3. Angalizo moja: simu nyingi hujiongezea sauti zenyewe kunapokuwa kimya, na hilo hurefusha mkia kwa uongo. Kama programu inaruhusu kuzima jambo hilo, lizime.

Kipimo cha pili ni cha maneno, na mimi nakiamini kuliko cha puto. Mtu asimame jukwaani bila maiki asome taratibu: paka, saka, shaka, chaka, taka, waka. Avuruge mpangilio apendavyo. Mwingine akae nyuma aandike anachosikia. Maneno haya yanatofautiana kwa konsonanti ya mwanzo tu, na konsonanti ndiyo inayokufa kwanza. Irabu ina nguvu nyingi na hudumu, konsonanti ni kidogo na hupita haraka. Mtu akizungumza kwa mwendo wa kawaida hutoa silabi nne au tano kwa sekunde. Ukumbi ukivuma sekunde 3, "a" ya silabi iliyopita bado inapiga kelele wakati "t" ya silabi inayofuata inajaribu kupita. Msikilizaji anapata irabu tupu. Kwetu sisi, ambao karibu kila silabi inaishia na irabu, hapo ndipo "saa sita" na "saa tisa" zinapokuwa kitu kimoja.

Dalili ya kwanza: ukumbi ukijaa maneno yanasikika, ukiwa na watu wachache hayasikiki

*Sababu inayotokea sana: hakuna kinachomeza sauti isipokuwa watu.* Plasta, marumaru na vioo hurudisha karibu sauti yote inayovigonga. Katika masafa ya kati ya sauti ya mtu, yaani sauti isiyo nzito sana wala nyembamba sana, ukuta wa plasta humeza kama asilimia 2 tu, marumaru asilimia 1. Mtu aliyeketi, kwa nguo zake na mwili wake, humeza sawa na karibu nusu mita ya mraba ya kitu kinachomeza kila kitu. Viti vyetu vya plastiki havimezi chochote cha maana, kwa hiyo mtu asipokuja, nafasi yake haina wa kuijaza. Ukumbi wenye viti vya sponji vilivyovishwa kitambaa hauna tatizo hili kwa kiasi kile, kwa sababu kiti kitupu humeza karibu kama chenye mtu.

*Sababu ya pili, na ndiyo iliyomkuta mzee: madirisha yamefungwa.* Dirisha lililo wazi humeza asilimia 100. Sauti ikitoka nje haina sababu ya kurudi. Mtu aliyeianzisha sayansi hii, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1895 alikabidhiwa chumba cha mihadhara kilichovuma zaidi ya sekunde 5. Alifanya kazi usiku mji ukiwa kimya, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, akiiongeza michache michache na kupima sauti ya filimbi ya kinanda inachukua muda gani kupotea. Alipotaka kipimo cha kulinganishia kila kitu, alichagua dirisha lililo wazi. Mpaka leo tunaposema "mita za mraba za kumeza" tunamaanisha mita za dirisha wazi.

Kanuni aliyoipata ni hii, V ikiwa ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo na A ikiwa jumla ya kumeza kwa mita za mraba:

```
T = 0.161 × V ÷ A
```

Sasa tuingize ukumbi wa mzee. Urefu mita 20, upana 12, kimo 5. Ujazo ni 1200, na 0.161 mara 1200 ni 193. Namba hiyo haibadiliki, inayobadilika ni A. Dari ni ya jipsamu, mita 240, inameza asilimia 5 hivi katika masafa ya kati, yaani 12. Kuta zinatoa kama 6, sakafu ya marumaru 2 na ushee, vioo vilivyofungwa 3. Makabati, feni, milango na nyufa nikavipa 10 kwa kukadiria. Jumla 33. Gawanya 193 kwa 33, unapata sekunde 5.8 ukumbi ukiwa mtupu. Puto lilitupa karibu na hapo, nami sikuona sababu ya kugombana na kadirio langu.

Madirisha ya zamani yalikuwa na uwazi wa mita za mraba 30 hivi. Yalipokuwa wazi, badala ya 3 za kioo kulikuwa na 30 za hewa, ongezeko la 27. Na watu 60 wa semina, kila mmoja 0.45, ni 27 vilevile. Nilimwambia mzee hivi: siku mliyofunga madirisha, mliwatoa nje wasikilizaji sitini. Semina ya zamani yenye madirisha wazi ilikuwa na A ya 87, sawa na sekunde 2.2. Haikuwa nzuri, lakini watu walikaza masikio wakaelewa. Semina ya sasa ina A ya 60, sawa na sekunde 3.2. Harusi ya watu mia mbili, hata kwa madirisha kufungwa, ina 123, sawa na sekunde 1.6. Ndiyo maana harusi hazilalamiki.

Ukaguzi wa bure, basi, ni huu. Zima viyoyozi, fungua kila dirisha na mlango, rudia maneno ya paka na saka. Nyuma wakiandika sawasawa, umeshajua huna haja ya kununua spika. Unaweza hata kuiacha tiba iwe hiyohiyo, kama nje hakuna kelele. Pale Ngamiani nje kuna bodaboda na fundi wa mageti anayechomea, kwa hiyo mzee hakuwa na hiari.

*Sababu ya tatu: spika zimeelekezwa ukutani na darini.* Mara nyingi spika mbili kubwa huwekwa jukwaani, moja kila pembe, na zikilaumiwa huongezwa sauti. Kuongeza sauti hakusaidii, kwa sababu mvumo unapanda pamoja na neno. Katika ukumbi huu wenye mvumo wa sekunde 3.2, spika ya kawaida ina kama mita mbili na nusu tu mbele yake ambamo sauti ya moja kwa moja inaushinda mvumo. Aliyekaa mita 15 anasikiliza ukumbi, hasikilizi spika. Shusha spika ziwatazame watu vifuani, au weka ndogo nne kando za kuta karibu na wasikilizaji na kila moja uipe sauti ya chini. Zile za katikati ya ukumbi uzicheleweshe kwenye mikseri: sauti husafiri mita 345 hivi kwa sekunde kwa joto letu, kwa hiyo spika iliyo mita 10 mbele ya zile za jukwaani inahitaji kucheleweshwa milisekunde 29. Usipofanya hivyo umejitengenezea mwangwi mwenyewe.

*Tiba ya ndani zaidi: ongeza A.* Lengo la mzee lilikuwa semina ya watu 60, viyoyozi vikiwaka. Kufika sekunde 1.2 kulihitaji A ya 161, yaani kuongeza mita 101. Alipoona bei akashika kiuno. Tukaanza na vibao 60 vya pamba ya mawe, kila kimoja sentimita 120 kwa 60, unene sentimita 5, vikining'inia chini ya dari kwa nafasi ya sentimita 5 au zaidi. Hizo ni mita za mraba 43, na kibao cha namna hiyo humeza kama asilimia 90 katika masafa ya kati. Tunaongeza 39, A inakuwa 99, mvumo unashuka kutoka 3.2 hadi sekunde 1.95. Kununua mita 40 nyingine kungeushusha hadi 1.4 hivi. Tazama hapo: fungu la kwanza lilipunguza sekunde moja na robo, fungu la pili lenye gharama ileile linapunguza nusu sekunde tu. Kwa hiyo mimi hushauri mtu anunue nusu, asikilize mwezi mzima, ndipo aamue. Mzee aliongeza mapazia mazito kwenye madirisha, yenye kitambaa mara mbili ya upana wa dirisha ili yawe na mikunjo, yakampa 12 nyingine na sekunde 1.7. Akasema inatosha. Nilipojaribu tena orodha ya maneno na watu wakiwa wameketi, aliyekaa nyuma alikosea neno moja tu, chaka na shaka, na hata mimi ana kwa ana huwa nayachanganya.

Pamba ya mawe iulizie kwa wanaofunga majokofu makubwa na mabomba ya mvuke viwandani, wao huitumia kuzuia joto. Ishike kwa glavu na barakoa, nyuzi zake zinawasha.

Simama hapa kabla hujapanda ngazi. Dari ikiwa ni ya mabamba ya zamani ya kijivu, magumu kama saruji, usiyatoboe, usiyakate, usiyafagie. Majengo mengi ya zamani yaliezekwa au kufungwa dari kwa saruji iliyochanganywa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Mwite mtaalamu aliyesomea kazi hiyo. Vilevile, usining'inize kitu kwenye dari ambayo hujaiona kwa juu. Vibao sitini ni mzigo, na hapa kwetu mbao za kenchi zina mchwa. Fundi seremala apande kwanza agonge kila boriti. Kama ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, kama nyumba kongwe za Bagamoyo na za mjini Tanga, drili itapita kama kwenye biskuti na plagi haitakamata. Tena jengo kama hilo likiwa limehifadhiwa kisheria halitobolewi bila kibali cha wahusika wa mambo ya kale. Huko tumia fremu zinazosimama chini kwa miguu yake.

Dalili ya pili: mmeweka zulia, mmeweka trei za mayai, na bado linanguruma

Hii inauma kwa sababu hela imeshatoka. Mtu ananiambia, "Zulia tumetandika lote fundi, lakini besi bado inazunguka, na sauti za watu zimekuwa kama zimefunikwa blanketi."

*Sababu kuu: kitu chembamba humeza sauti nyembamba tu.* Zulia la kawaida lililotandikwa juu ya saruji humeza karibu nusu ya masafa ya juu kabisa, yale ya "s" na "sh". Katikati humeza kama asilimia 10, na chini, kwenye ngoma na sauti nzito ya kiume, humeza asilimia 2. Kinachotokea ni kwamba umeziondoa zile sauti kali zilizokuwa zikisaidia kutambua maneno, na ule mngurumo wa chini umeuacha kama ulivyo. Ukumbi unakuwa mzito bila kuwa wazi. Ndivyo lilivyo zulia la mkonge pia. Naupenda mkonge, Tanga yote imejengeka juu yake, lakini mkeka wa nusu sentimita juu ya sakafu ni mkeka tu.

Ujanja uko kwenye unene na kwenye hewa nyuma ya kitu. Sauti humezwa pale hewa inapotembea kwa kasi ndani ya nyuzi na kusuguana nazo, nishati ikageuka joto dogo sana. Ukutani penyewe hewa haina pa kutembea. Inatembea kwa kasi zaidi robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Kwa sauti ya hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, robo hiyo ni sentimita 8 na ushee. Kwa hezi 125, ni sentimita 69. Kitu cha sentimita moja kilichobandikwa ukutani kiko mahali ambapo sauti nzito haisogei kabisa. Sogeza kibao hichohicho sentimita 10 kutoka ukutani, kitafanya kazi chini zaidi bila kuongeza senti.

Ukaguzi: pasua puto, kisha piga ngoma au gonga kreti tupu la plastiki lililofunikwa. Kama puto linakufa haraka na mngurumo wa ngoma unabaki, tatizo lako ni la chini. Kwenye ikwalaiza ya mikseri, kata kila kilicho chini ya hezi 100 au 120 kwenye maiki za wazungumzaji. Sauti ya mtu haipotezi kitu cha maana huko, na ukumbi unapunguziwa chakula. Hili ni la bure na linasaidia kuliko zulia.

Kiajabu, dari ya jipsamu iliyofungwa kwenye mbao na kuachiwa uwazi juu yake humeza besi vizuri, kama asilimia 29 kwenye hezi 125, kwa sababu bamba lenyewe linatikisika. Ukumbi wa dari ya zege hauna msaada huo. Kwa hiyo wewe mwenye ukumbi wa ghorofa ya chini, ambaye dari yako ni sakafu ya wengine, tarajia besi ikusumbue zaidi, na jipsamu au plaiwudi nyembamba iliyofungwa kwenye fremu mbele ya ukuta wa nyuma ni tiba halali.

*Sababu ya pili: trei za mayai.* Zimeenea mno. Karatasi yake ni nyembamba na ngumu, inameza kidogo tu tena kwenye masafa machache. Kinachokudanganya ni kwamba umbo lake linatawanya sauti kali kidogo, ukasikia tofauti. Zinashika vumbi, panya wanazipenda, na zinawaka kama kuni.

*Sababu ya tatu: sponji ya godoro.* Hii inameza kweli ikiwa nene, ndiyo maana hatari yake ni kubwa. Usibandike sponji ya godoro ukutani wala darini kwenye ukumbi wa watu. Ikishika moto huwaka kwa dakika chache na moshi wake una sumu inayoua kabla moto haujafika. Mwaka 2003 katika klabu moja ya muziki Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani zilishika sponji ya ukutani na watu 100 wakafa. Mwaka 2013 ikatokea tena Santa Maria, Brazili, wakafa 242. Sufi nayo, ijapokuwa ni yetu na mito yake ni laini, ni kibiriti vilevile, na makumbi ya nazi yasiyotiwa dawa hayana tofauti kubwa. Pamba ya mawe haiwaki. Ukikuta ukumbi ulioshabandikwa sponji, usijaribu kuipulizia dawa ya kubuni. Waite Zimamoto waje waone, na mpaka waje, hakuna mishumaa, hakuna fataki za keki.

Dalili ya tatu: ukipiga kofi moja unasikia mengi

Simama katikati ya ukumbi, piga kofi kali. Ukisikia "ta-ta-ta-ta" ya haraka, sauti inadunda kama mpira kati ya kuta mbili zinazotazamana. Kwa kuta zilizoachana mita 12, kila mzunguko ni mita 24, kwa hiyo makofi 14 hivi kwa sekunde. Tiba si kufunika ukumbi. Shughulikia ukuta mmoja tu kati ya hizo mbili: weka vibao vichache vilivyoachana, kuanzia kimo cha kiuno hadi juu kidogo ya kichwa cha aliyesimama, au rafu zenye vitu visivyolingana. Ukuta wa pili uache. Geuka kisha upige kofi tena upande mwingine, maana ukiponya upana unaweza kugundua urefu nao una lake.

Ukisikia kofi moja likirudi peke yake, mara nyingi ni ukuta wa nyuma. Mzungumzaji aliye jukwaani, mita 20 kutoka ukuta huo, anarudishiwa maneno yake baada ya sehemu ya kumi ya sekunde na zaidi kidogo, akaanza kujikwaa. Ukuta wa nyuma ndio wa kwanza kuvikwa, na ndio mahali ambapo pazia nene lililotenganishwa na ukuta kwa shubiri moja linalipa gharama yake.

Dalili ya nne: maiki inapiga mluzi hata sauti ikiwa ndogo

Kabla hujalaumu ukumbi, angalia maiki haiko mbele ya spika na mzungumzaji haishiki mbali na mdomo. Upana wa vidole vitatu kutoka mdomoni ndio umbali. Hayo yakiwa sawa na bado inalia, na puto linaonyesha zaidi ya sekunde 2, ni mvumo unaoirudia maiki. Tiba ni ileile ya dalili ya kwanza. Ukishika waya wa maiki au chuma cha stendi na kuhisi mtekenyo wa umeme mkononi, hilo si suala la sauti. Zima swichi kubwa, mwite fundi umeme mwenye leseni, shughuli isubiri.

Dalili ya tano: ulikuwa mzuri, umeharibika taratibu

Uliza kama kuna aliyepaka rangi. Vibao na dari zenye vitundu zikipigwa rangi ya mafuta, vitundu vinaziba na hewa haiingii tena. Hapa pwani uliza na unyevu pia. Kibao kilicholowa maji ya kiyoyozi kinakuwa kizito na kuota ukungu. Kitoe, usikikaushe juani ukakirudisha.

Kitambaa cha kufunikia kipime kwa mdomo: kibane midomoni na upulize. Pumzi ikipita, sauti itapita. Turubai na leza hazipitishi. Gunia linapitisha, kanga inapitisha.

Mwezi uliopita mzee alinipigia tena. Kuna familia imekodi ukumbi, inataka vibao vipakwe dhahabu vifanane na jukwaa la bibi harusi. Nikamwambia rangi hapana, wakanunue kanga za rangi hiyo wavivike. "Kanga zenye maneno?" akauliza. Nikamwambia ziwe na maneno au zisiwe nayo ni juu yao, mradi wakipuliza, pumzi itokee upande wa pili.